Nywele Zilizopachikwa

Gulamrasul alikuwa na kipara. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu alikuwa akiuza mafuta ya kuotesha nywele, na kwa sababu katika Dodoma nzima ya mwaka ule wa 1957 hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Alivaa tarabushi asubuhi mpaka jioni, hata jua la Oktoba lilipochoma mabati, na chupa za Mafuta ya Gulamrasul zikajaa vumbi kwenye rafu zake. Debe tupu haliachi kuvuma. Akija kwetu ulimsikia tangu barabarani, akimwamkia kila mtu kwa sauti ya mtu anayegombea cheo.

Kwetu palikuwa studio ya picha, mtaa wa maduka, si mbali na stesheni. Aliyepiga picha ni kaka yangu Fakhruddin. Mimi Sakina, dada yake mkubwa, mjane nisiye na mtoto, nilifanya yote yaliyobaki: kuosha, kuchapa, kufuta makunyanzi ya mabibi, kuwatia maharusi rangi mashavuni. Kwenye ubao wa nje liliandikwa jina lake tu. Kaka yangu aliamini kwamba anayebonyeza kamera ndiye aliyefanya kazi, na mtu wa imani hiyo huna cha kumfundisha.

Siku hiyo Gulamrasul alitaka kadi mia tatu za picha, agawe stesheni, sokoni, na kwenye mabasi yaendayo Kondoa na Mpwapwa. Kwenye kadi awepo yeye, ameshika chupa yake, na kando yake awepo Bi Swaumu wa redio. Nikamuuliza kama Bi Swaumu amekubali. Alinitazama kama nimemuuliza kama mbuzi amekubali pilau.

"Mtu maarufu ni wa watu wote," akasema. "Sauti yake inaingia nyumbani kwangu kila Alhamisi bila kubisha hodi. Mimi nikichukua uso wake nitabisha hodi wapi?"

Kaka yangu akacheka sana, kicheko cha mfanyabiashara. Halafu akavuta droo ya negativu, vile vioo vya kuchapia picha, na kuanza kupekua.

Maana sisi uso ule tulikuwa nao. Miaka miwili nyuma Bi Swaumu alipita Dodoma akitoka kwao Kondoa, anasubiri gari moshi la Dar es Salaam, akaingia studio kupiga picha. Redio ilimjulisha kwa nchi nzima kwa sauti yake ya kaswida, lakini kwao alikuwa mwalimu wa chuo: wasichana thelathini walikaa kwenye mikeka ya baraza yake wakisoma Kurani. Alijulikana pia kwa jambo moja ambalo wafanyabiashara hawakulielewa hata kidogo, kwamba hakuwahi kuchukua senti kwa sauti yake, wala zawadi, wala nauli. Fakhruddin alitaka kumpa picha bure, kwa heshima ya duka, ili ajipatie moja ya kuweka kwenye kioo cha mbele. Bibi yule akakataa. Akasema yeye ndiye aliyeagiza na yeye ndiye atakayelipa, na picha zake hazitakaa dirishani. Alilipa, nikamwandikia stakabadhi kwa mkono wangu, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mkoba wake. Kaka yangu alinung'unika juma zima kwamba mwanamke yule ana kiburi.

Kwa hiyo negativu ilibaki kwetu, kama zinavyobaki zote. Kaka yangu aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii hapa. Negativu yangu, picha yangu."

Kulikuwa na tatizo moja, na Gulamrasul mwenyewe ndiye aliyeliona, jambo lililonishangaza kidogo. Bi Swaumu alikuwa amejifunika mtandio vizuri, hauonekani hata unywele mmoja. Nani anunue mafuta ya nywele kwa mwanamke asiyeonekana nywele? Akasema niuondoe mtandio. Nikamwambia chini ya mtandio kwenye picha hakuna kitu, kuna mtandio tu. Akasema basi nimtafutie nywele. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini Gulamrasul alikuwa amekosa zote mbili na akaona ni haki yake kuazima.

Sasa nitasema niliyoyafanya, nisije nikaonekana nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama.

Nilichapa uso wa Bi Swaumu kwa kipimo kile kile cha picha ya Gulamrasul, aliyopigwa siku hiyo na chupa yake. Nikaukata kwa wembe, nikaparuza kingo kwa nyuma kwa msasa mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ili isitupe kivuli. Nikaubandika kwa gundi ya wanga begani kwa Gulamrasul. Nywele nikazitoa kwenye picha nyingine. Nikajaza maungio kwa rangi ya kijivu na brashi ya nywele tatu, nikaandika maneno chini kama nilivyoamriwa, "Bi Swaumu wa redio na Bwana Gulamrasul: sote twapaka mafuta haya", kisha kaka yangu akapiga picha ya kile kibandiko, na ile negativu mpya ndiyo tuliyochapia kadi mia tatu. Kazi ilikuwa safi. Hata mimi niliyejua mshono ulipo nilihitaji kuutafuta. Nilijivunia, na mpaka leo najidharau kwa kujivunia.

Kadi zilipanda mabasi, zikapita Msalato, zikaingia Kondoa kabla wiki haijaisha.

Juma la tatu Bi Swaumu mwenyewe akaja, na Wakili Bhagwati nyuma yake. Huyu Bhagwati alikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na mahakama, mtu mkavu, mwenye koti la kahawia ambalo nadhani alizaliwa nalo. Gulamrasul aliitwa kutoka dukani kwake. Alikuja anatembea polepole, tarabushi imenyooka, kama bwana harusi aliyecheleweshwa na wageni.

Bi Swaumu hakupaza sauti. Alitoa salamu, akakaa, akaweka kadi juu ya meza. Akatueleza kwamba wazazi walipoiona hawakumuuliza neno. Wangemuuliza angejibu. Waliacha tu kuwaleta mabinti, leo huyu, kesho yule, kila mmoja na udhuru wake, huyu anaumwa, yule anamsaidia mama shambani. Kati ya wasichana thelathini walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Mwalimu aliyevua mtandio mbele ya mwanamume wa dukani ili auze mafuta, aliyesema miaka yote hachukui kitu kumbe bei yake ilikuwa bado haijafikiwa, nani amwachie mtoto wa kike? Alitaka jina lake lirudi na mabinti warudi.

Gulamrasul akajibu yale yale ya mtu maarufu kuwa wa watu wote, akayapamba. Kwamba kamtangaza bure. Kwamba sura si kiwanja, haina hati.

"Kuhusu hati umesema kweli," Bhagwati akasema. "Sheria ya Kiingereza tunayohukumiwa nayo haisemi popote kwamba sura ya mtu ni mali yake. Ungemchora kwa maneno yako, ukamsifu, nisingekuwa hapa."

Gulamrasul akatutazama mmoja mmoja tushuhudie ushindi wake. Maskini, hakusikia kwamba mwenzake hajamaliza.

"Lakini sura si picha. Picha ina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1911, ambayo bado inatumika hapa Tanganyika, inasema picha iliyoagizwa na mtu na kulipiwa, haki ya kuinakili ni ya aliyeagiza, msipokuwa mmepatana vingine." Akaweka stakabadhi mezani, karatasi ile ile niliyoiandika mimi. "Mlipatana vingine?"

Kaka yangu akasema negativu ni yake, kioo chake, dawa zake, umeme wake. Bhagwati akamwambia abaki nayo, hakuna anayemnyang'anya kioo. Alichokosa ni ruhusa ya kuchapa. Kama siku ile angempiga bure, kwa hiari yake mwenyewe, mwenye negativu ndiye angekuwa mwenye haki. Bibi yule alilipa. Kaka yangu akaikumbuka, nadhani, ile hasira yake ya juma zima. Wala hakujua siku ile kwamba alikuwa akikasirikia sheria.

Gulamrasul akadandia sehemu nyingine. Akasema hii si picha ile, ni picha mpya, yeye yumo, chupa imo, hata nywele si za Bi Swaumu. Alisema hivyo kwa fahari, mbele ya wakili, kwa kinywa chake mwenyewe.

Bhagwati aliandika maneno yale kwenye daftari lake kabla ya kujibu. Kisha akaeleza kwamba kuongeza vyako pembeni ya cha mwenzako hakukifanyi kuwa chako, kwa kuwa uso wote umenakiliwa kutoka picha ile na uso ndio picha. Na hilo la nywele ndilo lililomtia kitanzini zaidi, maana sasa si kunakili tu, ni kashfa: kadi inamsingizia mwanamke kwamba alikaa kichwa wazi kando yake na kumuuzia jina lake. Ni uongo, umesambazwa, na waliokuwa wakimheshimu wameacha. Mahakama Kuu ingetaka kusikia habari ya wasichana kumi na tisa. Akataka kadi zote zilizobaki na ile negativu mpya, ambazo kwa sheria zinahesabiwa kuwa mali ya Bi Swaumu, na tangazo la kuomba radhi kwenye gazeti na kwenye milango ya maduka yote mawili.

"Mnatishwa na karatasi," kaka yangu akamwambia Gulamrasul, kana kwamba wakili hayupo. "Uso hauna mwenyewe. Nywele ndiyo kabisa. Nywele ni nywele."

Hapo Khairunissa akaingia na sinia la chai.

Khairunissa ni mke wa kaka yangu. Alikuwa haji studio wakiwapo wageni wanaume, lakini Bhagwati na Gulamrasul walikuwa wakija nyumbani tangu zamani, na kaka yangu alipenda chai iletwe na mke wake watu waone nyumba yake ilivyo na adabu. Aliinama kuweka sinia. Kadi ilikuwa pale pale, na hakuwa ameiona hata siku moja, maana biashara haikuletwa mezani kwake.

"Chanuo hilo ni langu," akasema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Akaichukua kadi na kuisogeza karibu. Chanuo la fedha, upande wa kushoto juu ya sikio, alilopewa na baba yake siku ya harusi. Ningeweza kulifuta kwa brashi kwa dakika tano. Nililiacha kwa sababu lilipendeza. Nywele nilizitoa kwenye picha ambayo kaka yangu alimpiga chumbani mwao, Idi iliyopita, nywele zimeachiwa mpaka kiunoni, picha ya kutazamwa na mumewe na si mtu mwingine, iliyokuwa kwenye bahasha chini ya droo. Katika studio nzima hapakuwa na nywele nyingine kama zile. Nilijiambia kwamba nywele bila uso nani atazijua.

Kaka yangu alipoelewa alipiga kiganja juu ya kadi kuifunika, kama mtu anayefunika nzi. Rangi ilimtoka. Yule yule wa nywele ni nywele akageuka akaanza kusema kadi zichomwe, zote, leo hii, aende mtu Kondoa na Mpwapwa azikusanye, nywele za mke wake ziko mifukoni mwa makondakta. Nilimtazama nikaona haya kwamba tulinyonya ziwa moja.

"Si zako kuzichoma," Bhagwati akasema. "Nimekuambia zi mali ya nani."

Kwa hiyo ikabidi amwombe. Alisimama mbele ya mwanamke aliyemwita mwenye kiburi, akamwomba kwa jina la Mungu achome kadi zake. Gulamrasul alikuwa ameshavua tarabushi kwa joto, kipara kinang'aa, anatazama chai yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa na busara kiasi hicho.

Bi Swaumu akasema atazichoma, lakini si sasa. Tangazo la gazetini halitamsaidia, kwa sababu mama za wale mabinti hawasomi magazeti, na maneno ya radhi yakisomwa na waume zao watasema kalipwa anyamaze. Wanachojua ni kwamba macho yao yaliona. Basi macho hayo hayo yaone. Anataka picha tatu ziwekwe mkekani mbele yao: ile yake ya asili na mtandio, kadi, na ile picha nywele zilikotoka. Na aliyezishona awepo, aonyeshe mshono ulipo.

Kaka yangu akasema haiwezekani kabisa. Picha ya mkewe haitoki nje ya nyumba. Akamgeukia wakili amsaidie, na Bhagwati, ambaye alikuwa mwaminifu kwa namna ya kuudhi, akasema hilo ni kweli: picha ile Fakhruddin aliipiga mwenyewe, kwa negativu yake, hakuna aliyeagiza wala kulipa, kwa hiyo haki yake ni ya Fakhruddin, na akikataa hakuna wa kumlazimisha.

"Na mimi?" Khairunissa akauliza.

Bhagwati alivua miwani akaifuta. Akasema kashfa hana, kwa kuwa hakuna anayeweza kumtambua kwa chanuo. Hakimiliki hana. Kwa sheria, katika jambo hili, hayumo. Alisema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, lakini masikitiko ya wakili hayamvishi mtu nguo.

Bi Swaumu akainuka, akawapita wanaume wote watatu, akaenda kusimama mbele ya Khairunissa. Walikuwa hawajawahi kukutana.

"Sheria nimeshaisikia," akasema. "Sasa nakuuliza wewe, dada, kwa kuwa nywele ni zako. Nikizionyesha kwa wanawake tu, ndani, mlango umefungwa, halafu nikurudishie mkononi mwako, utaniruhusu? Ukisema hapana nitarudi Kondoa na kumi na mmoja wangu."

Khairunissa hakumtazama mumewe. Alikwenda kwenye droo, akatoa bahasha, akampa. Haki alikuwa nayo kaka yangu, lakini bahasha ilikuwa imeshaondoka.

Wifi yangu alipokuwa anatoka na sinia la vikombe vilivyojaa, alipita karibu nami. "Chumba changu ni hatua sita kutoka meza yako," akasema. "Mgeni wa Kondoa ameweza kuniuliza."

Nimewadharau watu wengi maishani na nimekuwa hodari wa kuwaeleza kwa nini, lakini hapo nilizihesabu zile hatua kwa macho, na zilikuwa sita.

Siku ya nne nikapanda basi la Kondoa. Katika nyumba ya Bi Swaumu walikusanyika akina mama zaidi ya ishirini, mlango ukafungwa, na mimi nikakaa mkekani na picha zangu tatu. Niliwaonyesha wapi wembe ulipita, wapi gundi, wapi brashi. Niliweka picha ya kwanza juu ya kadi, uso juu ya uso, wakaona ni ule ule mpaka kwenye kope. Niliweka ya tatu, wakaona chanuo. Walipokezana bila haraka, wanaume wa Mahakama Kuu wasingeweza kukagua vizuri zaidi. Mmoja akamshika Bi Swaumu mkono na kuanza kulia kwa aibu, na wengine wakafuata. Niliona jina lake likirudi mbele ya macho yangu, nikafurahi, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Mama mmoja mzee alibaki na kadi.

"Na huyu mwenye nywele," akauliza, "alikubali?"

"Alikubali."

"Lini?"

Ningeweza kumdanganya. Bi Swaumu alikuwa anamsikiliza mwingine. "Jumatatu hii," nikasema.

"Na kadi ilitengenezwa lini?"

Nikamwambia. Akahesabu wiki kwa vidole, taratibu, mbele yangu. Kisha akanirudishia kadi akiishika kwa ncha za kucha, akasema binti yake atakuja chuoni kesho, na kwamba basi la Dodoma huondoka saa nane.